"Mara 4": namba moja iliyotuletea nyota moja kila wiki

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya bidhaa kwa duka dogo la mtandaoni linalouza vifaa vya simu. Kuna pawabenki moja tuliyoiuza kwa wingi kuliko bidhaa nyingine yoyote, na ndiyo hiyo iliyokuwa ikituletea malalamiko mengi kuliko zote. Haikuwa mbovu. Niliwahi kuifungua mwenyewe nikaitazama ndani: seli zilikuwa nzima na saketi imeungwa vizuri. Lakini kila nilipofungua maoni ya wateja nilikuta jambo lilelile limesemwa kwa maneno mapya. "Mmesema inajaza simu mara 4, kwangu haikufika hata 3." "Ya tatu ikakata katikati." Mmoja aliandika neno moja tu, "Waongo," akaweka nyota moja.

Neno hilo liliniuma, kwa sababu sentensi aliyoisoma niliipitisha mimi. Ilitoka kwa muuzaji wa jumla ikiwa hivi: "Ujazo wa 20,000 mAh, inajaza simu yako hadi mara 4." Nilinyoosha sarufi, nikaiweka kwenye ukurasa, nikaendelea na bidhaa nyingine.

Kabla ya kugusa chochote, nilikaa na maoni yote ya nyota moja na nyota mbili. Sikuyapanga kwa mada kama tulivyozoea, yaani "betri", "usafirishaji", "vifungashio" na kadhalika. Nilifungua maelezo yetu upande mmoja na maoni upande wa pili, na kwa kila lalamiko nikajiuliza: mtu huyu alisoma sentensi gani hata akatarajia alichokikosa? Kisha nikaandika lalamiko lile chini ya sentensi hiyo.

Picha iliyojitokeza sikuitegemea. Maelezo yetu yalikuwa na sifa tele, "bora kabisa", "imara", "muundo wa kisasa", na hakuna aliyelalamikia hata moja. Msomaji amezoea kusikia sifa za namna hiyo na anazipita bila kuzishika. Malalamiko karibu yote yalirundikana chini ya sentensi mbili tu, na zote mbili zilikuwa na namba: "inajaza simu yako hadi mara 4" na "hujaa yenyewe kwa saa 5". Namba mtu anaweza kuikagua akiwa nyumbani kwake, kwa simu yake na saa yake.

Neno "hadi" nalo halikutusaidia lolote. Sisi tuliliona kama kinga, kwamba hatukusema mara 4 bali hadi mara 4. Hakuna mteja hata mmoja aliyelirudia katika malalamiko yake. Wote waliandika "mmesema mara 4". Msomaji anashika namba, na "hadi" linadondoka njiani. Tangu hapo nikiliona neno hilo mbele ya namba kwenye maelezo yoyote nalifuta, halafu natazama kama sentensi iliyobaki bado ni kweli. Kama si kweli, basi haikuwa kweli hata neno lilipokuwapo.

Namba 4 ilipatikanaje? Muuzaji wa jumla aligawa 20,000 kwa 5,000, kwa kuwa simu nyingi za sasa zina betri ya 5,000 mAh. Hesabu inaonekana safi, lakini namba hizo mbili hazigawanyiki hivyo.

Hiyo 20,000 mAh, yaani miliampea-saa 20,000 au ampea-saa 20, ni ujazo wa seli zilizomo ndani, na seli za lithiamu za aina hiyo zina volti 3.7. Mlango wa USB hutoa volti 5. Ili umeme utoke, saketi lazima ipandishe volti kutoka 3.7 hadi 5, na volti zikipanda, ampea zinapungua. Ndiyo maana mAh peke yake haitoshi kulinganisha vitu viwili vyenye volti tofauti. Kinacholinganishika ni nishati, yaani wati-saa. Ampea-saa 20 mara volti 3.7 ni wati-saa 74, na hiyo ndiyo nishati yote iliyomo kwenye kile kiboksi. Ukiigawa kwa volti 5 unapata 14,800 mAh, tena kabla ya kitu chochote kupotea.

Na lazima kitu kipotee, maana saketi hupata joto inapofanya kazi. Nilinunua kipimaji kidogo cha USB, kile kinachochomekwa kati ya pawabenki na waya na kuhesabu kinachopita. Nilijaza pawabenki mpaka mwisho nikaiacha itoe umeme mpaka ikazima yenyewe. Nilifanya hivyo kwa pawabenki tatu tofauti za aina ileile, nisije nikaangukia moja iliyo bora au mbovu kuliko wenzake. Zote zilikaribiana, na wastani ulikuwa kama 12,400 mAh kwa volti 5, sawa na wati-saa 62.

Nilipoigeuza pawabenki na kusoma maandishi madogo ya nyuma, nilikuta namba ya pili chini ya ile 20,000: 12,000 mAh, na pembeni yake 5V. Mtengenezaji alikuwa ameshasema ukweli, kwa herufi ambazo karibu hakuna anayezisoma. Pawabenki nyingi zina mstari kama huo. Ukitaka kujua maelezo yako yamezidisha kiasi gani, anza kuusoma kabla hata ya kununua kipimaji.

Bado kuna upotevu mmoja, nao uko ndani ya simu. Betri ya simu ya 5,000 mAh huwa na volti kama 3.85, kwa hiyo ujazo wake ni wati-saa 19 na robo. Lakini kuijaza kunahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu simu nayo hupata joto inapochajiwa, na kama imewashwa inatumia umeme wakati huohuo. Kwa simu niliyoipimia, kuijaza kutoka sifuri kulikula kama wati-saa 23. Gawa 62 kwa 23: mara 2.7. Nikaifanya kwa vitendo. Simu ilijaa mara ya kwanza, ikajaa mara ya pili, na mara ya tatu pawabenki ikazima simu ikiwa kwenye asilimia 70. Ni vilevile wateja walivyokuwa wakituandikia miezi yote ile.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa likinichanganya. Bidhaa hiyohiyo, yenye sentensi hiyohiyo, ilikuwa pia na nyota tano nyingi, na baadhi ya watu hao waliandika, "Kweli inajaza mara 4, hata zaidi." Sikuamini kwamba walikuwa wakisema uongo. Nilipopiga hesabu kwa simu yenye betri ya 3,000 mAh nilipata mara 4 na nusu, na kwa yenye 4,000 nikapata mara 3 na kidogo. Wenye simu ndogo walipata walichoahidiwa na ziada juu yake. Wenye simu kubwa walikosa. Ukiona bidhaa ina nyota tano na nyota moja nyingi, na ya katikati ni chache, usikimbilie kudhani kwamba kiwandani kuna mchanganyiko wa nzuri na mbovu. Inawezekana sentensi yako ni kweli kwa kundi moja na si kweli kwa jingine, na hukuwaambia wasomaji kwamba kuna makundi mawili.

Marekebisho yangu ya kwanza hayakusaidia, na nitayaeleza kwa sababu naona yakirudiwa kila mahali. Niliiacha sentensi ya zamani kama ilivyo, kisha mwisho kabisa wa maelezo nikaongeza: "Idadi ya kuchaji inategemea aina ya simu na matumizi." Mkuu wangu aliridhika, nami pia nikaridhika. Malalamiko yakaendelea vilevile, tena sasa yakiwa na hasira zaidi, kwa sababu mtu alipolalamika tulimwonyesha mstari wa chini na yeye akaona tumemtegea. Tahadhari isiyo na kiasi haimpi msomaji la kufanya. "Inategemea" bila kusema inategemea nini na kwa kiasi gani haipunguzi namba 4 kichwani mwake.

Mara ya pili nilikwenda upande mwingine kabisa. Nikaandika yote niliyokuwa nimejifunza: volti 3.7, volti 5, wati-saa, upotevu wa saketi. Kila neno lilikuwa kweli. Dada anayejibu wateja akanijia baada ya siku chache akaniambia, "Kaka, sasa wananiuliza mimi hizo wati-saa ni nini. Mtu anataka kujua simu yake itajaa mara ngapi, basi." Alisema kweli. Nilikuwa nimemkabidhi mteja hesabu ambayo ni kazi yangu kuifanya.

Maandishi yaliyokaa, na ambayo yapo mpaka leo, ni haya:

"Simu yenye betri ya 5,000 mAh: inaijaza mara 2, na mara ya tatu inafika karibu asilimia 70. Simu ya 4,000 mAh: mara 3. Simu ya 3,000 mAh: mara 4. Tumepima simu ikiwa imewashwa lakini haitumiki. Ukiitumia inapochaji, utapata pungufu ya hapo."

Utaona kwamba kwa simu ya 3,000 niliandika mara 4 ingawa hesabu ilinipa 4 na nusu. Nimeshusha kwa makusudi. Seli hupungua ujazo kadiri zinavyotumika, na mteja anaweza kurudi kuandika maoni baada ya miezi sita, si siku ya kwanza tu. Namba ninayoiweka nataka iwe bado kweli siku hiyo. Kwa simu ya 5,000 niliacha "karibu asilimia 70" kwa sababu hapo ndipo maumivu yote yalipokuwa, na nilitaka mtu akiona inakata mara ya tatu akumbuke kwamba aliambiwa. Hata hivyo naikagua. Ikitokea wengi wanaanza kuandika kwamba kwao inakata kwenye 60, nitaishusha.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa kichwa cha bidhaa. Niliamini kwa dhati kwamba tuondoe 20,000 tuandike 12,400, kwa sababu ndicho kinachotoka. Mkuu wangu alikataa, na nilipotulia nikakubali kwamba alikuwa na hoja. Wauzaji wote wa pawabenki za ukubwa huo huandika 20,000. Mteja anayelinganisha angeiona yetu kama ndogo kuliko nyingine wakati ni sawa, na hilo nalo ni kumpotosha, ila kwa upande wa pili. Na namba 20,000 yenyewe si uongo, ndio ujazo wa seli. Kilichokuwa uongo ni hitimisho lililoning'inizwa juu yake. Tukaiacha kwenye kichwa, na matokeo tuliyopima tukayaweka mahali pa kwanza panaposomwa.

Kwa hiyo ilibidi kujua panaposomwa kwanza ni wapi. Niliomba watu watatu ambao hawajawahi kuiona bidhaa hiyo wafungue ukurasa kwenye simu zao, nikawatazama bila kusema neno. Wote walianza na picha. Walizipitisha picha zote kwa kidole, wakatazama bei, wakashuka moja kwa moja kwenye maoni. Maelezo niliyoyahangaikia alifika mmoja tu. Na picha ya pili ilikuwa na mchoro wa simu nne zimepangwa, juu yake maandishi makubwa ya rangi ya chungwa: MARA 4. Nilikuwa nimebadilisha maneno mara mbili bila kuigusa picha iliyokuwa ikitoa ahadi. Tulitengeneza nyingine yenye simu tatu za ukubwa tofauti, na chini ya kila moja betri yake na idadi yake.

Baada ya hapo nilitafuta kila mahali ambapo "mara 4" ilikuwa imejificha. Niliikuta kwenye majibu ya zamani ya maswali ya wateja, tulipoandika kwa kujiamini "Ndiyo, mara 4". Niliikuta kwenye majibu yaliyohifadhiwa ambayo yule dada aliyatuma kwa kubonyeza mara moja tu. Ilikuwa pia kwenye tangazo la zamani lililokuwa bado linazunguka. Ahadi ikishatoka inajizalisha, na ukifuta moja ukaacha nne, mteja atakutana na mojawapo ya hizo nne.

Sentensi ya pili, ile ya "hujaa yenyewe kwa saa 5", ilikuwa na kasoro ya aina nyingine. Hiyo ilikuwa kweli. Ukitumia adapta ya wati 18, pawabenki inajaa kwa saa 5 na zaidi kidogo. Ila ndani ya boksi hamkuwa na adapta. Mtu alichukua adapta aliyonayo nyumbani, mara nyingi ya wati 10, na hapo inachukua kama saa 9. Wengine walikuwa na adapta za zamani za wati 5, na kwa hizo ni zaidi ya saa 17. Ndiyo maana mmoja aliandika kwamba ameichaji usiku kucha na bado haijajaa, akahitimisha kwamba ametumiwa iliyoharibika, akairudisha. Tuliipima iliporudi, ilikuwa nzima kabisa.

Hapa sikuhitaji kushusha namba, nilihitaji kulitoa wazi sharti lake lililofichwa: "Haina adapta ndani ya boksi. Kwa adapta ya wati 18 inajaa kwa saa 5 na nusu, kwa ya wati 10 saa 9. Adapta ya wati 5 haifai, itachukua siku nzima." Nikaongeza pia namna ya kujua adapta yako ni ya wati ngapi, maana watu wengi hawajui: tazama maandishi yaliyo juu yake, uzidishe volti kwa ampea. 5V na 2A ni wati 10. Mstari huo mmoja ulipunguza bidhaa zinazorudishwa kwa sababu ya "haijai" kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Wiki mbili baada ya mabadiliko mkuu wangu alinijia akiwa na wasiwasi. Nyota moja zilikuwa bado zinaingia na mauzo yalikuwa yameshuka kidogo. Alitaka turudishe maandishi ya zamani. Nilimwomba tutazame tarehe, lakini si tarehe ya maoni, tarehe ya kuagiza. Mtu anayeandika maoni leo huenda aliagiza wiki tatu zilizopita, akapokea baadaye, akatumia siku kadhaa ndipo akaandika. Huyo alinunua akiwa amesoma ahadi ya zamani. Tulipoyagawa maoni kwa tarehe ya kuagiza, karibu yote ya "mara 4" yalitoka kwa walioagiza kabla ya mabadiliko. Walioagiza baada yake walikuwa bado wachache, lakini miongoni mwao lalamiko hilo halikuwapo. Usihukumu maelezo mapya kwa maoni ya watu waliosoma ya zamani.

Kushuka kwa mauzo kulikuwa kwa kweli, na sikutaka kukuficha. Wapo walioona "mara 2 na asilimia 70" wakaenda kwa muuzaji mwingine aliyeendelea kuandika mara 4. Tulichofanya ni kuweka hesabu zote mahali pamoja: gharama ya kusafirisha pawabenki iliyorudishwa kwenda na kurudi, kuipima, kuiweka kwenye boksi jipya, na muda wa dada yetu akibishana na watu ambao hawakuwa na kosa. Mauzo tuliyopoteza yalikuwa hasa yale ambayo yangeturudia. Mkuu wangu alizitazama namba hizo kwa muda mrefu, kisha akasema tuiache ilivyo.

Maoni ya zamani hayafutiki, na sikutaka yafutwe. Nilijibu kila moja lililohusu namba hizo, kwa maneno mafupi: kwamba maelezo yetu yalikosea, kwamba tumepima upya, na kwamba kwa simu ya 5,000 matokeo ni haya. Sikuandika "tunasikitika kwa usumbufu", kwa sababu mtu aliyeambiwa mara 4 akapata pungufu hakusumbuliwa, aliambiwa kisicho kweli. Wawili walirudi wakabadilisha nyota zao. Yule aliyeandika "Waongo" hakurudi. Jibu letu lipo chini ya neno lake, na anayesoma leo anayaona yote mawili.

Kilichobaki ni boksi. Muuzaji wa jumla amechapisha "x4" kwenye upande wa boksi lenyewe, kando ya mchoro wa simu, na shehena zilizopo zote ziko hivyo. Kwa sasa tunabandika karatasi yenye namba zetu juu ya maandishi hayo, moja moja kwa mkono, kabla ya kutuma. Nimemwandikia mara tatu nikimpelekea vipimo vyetu na picha ya kipimaji. Amejibu kwamba atalitazama kwenye uchapishaji ujao.